Sheria mbili mdomoni mwa shemeji

Kwetu Asiatique, Bujumbura, nilikaa kwenye msiba mmoja ambao bado unanisumbua. Baba wa nyumba alifariki, akaacha mke na mabinti wawili. Mama alikuwa bado ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, shemeji yake akaja kuuliza karatasi za parseli ziko wapi.

Alisema: "Mwanamke harithi udongo. Nyumba ni ya ukoo." Hiyo ni mila ya Burundi: mjane anakaa kwa kivuli cha watoto wake wa kiume, na huyu hakuwa na mvulana. Wazee walipoitwa, shemeji akageuka: "Basi tufuate dini, apewe thumuni yake atoke." Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu huyo huyo, nyumba ile ile, sheria mbili.

Tufuate dini kweli basi, mpaka mwisho. Mali ya marehemu ikigawanywa mafungu 24, mabinti wawili wanachukua 16, mke anachukua 3, kaka wa marehemu anabakiwa na 5. Mafungu matano! Thumuni aliikumbuka, lakini 16 za mabinti alizisahau, kwa sababu kwenye zile alirudi kwenye mila.

Na kuna swali linalotangulia hesabu hiyo, ambalo pale hakuna aliyeliuliza: marehemu aliacha nini hasa? Mama alikuwa anauza sambusa na vitenge, na mabati na vyumba viwili vya nyuma vilitoka kwenye pesa yake. Kilicho chake si mirathi, hakigawanywi na mtu. Kama nusu ya nyumba ni yake, basi nyumba nzima ni mafungu 48, na ya shemeji ni 5 tu. Lakini karatasi ilikuwa na jina la mume peke yake, na risiti za mabati nani alizitunza? Alibaki na fundi aliyejenga, akubali kuja kusema nani alimlipa.

Mahakamani? Burundi hatukuwa na sheria iliyoandikwa ya mirathi, hakimu anaangalia mila. Tena sheria ya familia ya 1993 inatambua ndoa iliyoandikishwa serikalini, na hawa walifunga nikahi tu. Kwa karatasi, mama hakuwa hata mjane. (Wengi wetu hapa kambini tuko hivyo hivyo, tunaona aibu kusema.)

Mimi simlaumu mtu kwa kufuata mila, wala kwa kufuata dini. Kila moja inampa haki na inamdai kitu: anayechukua nyumba kwa mila anapaswa kumtunza mjane na watoto, anayechukua kwa dini anapaswa kuacha 19. Shemeji alitaka kuchukua bila kudaiwa na yoyote.

Mzee mmoja wa msikiti alimuuliza taratibu: "Mwanangu, umechagua ipi?" Hakujibu. Alisema atarudi Ijumaa, na Ijumaa alikuja na mnunuzi.

Fundi alikuwa ameshakaa kwenye baraza.