Chema Chajiuza, na Ubao Mtupu wa Kibanda cha Chai

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mara nyingi methali hii husemwa ili kufunga mjadala. Mwenye bidhaa anaambiwa aitangaze, naye anaitamka, na maneno yanaishia hapo. Mimi naona ina sharti ambalo halitajwi, na muuza chai analijua sharti hilo vizuri kuliko wengi wetu tunaoisoma methali kitabuni. Kwa hiyo nimetunga kisa kifupi, na ufafanuzi wangu utapita humo humo.

Kibanda kiko pembeni mwa stendi ya Kange, jijini Tanga. Kina mabati juu, meza ya mbao, mabenchi mawili na majiko mawili ya mkaa. Ni alfajiri ya kufungua kwa mara ya kwanza. Kila kitu kipo isipokuwa jina. Mbele, kwenye misumari miwili, umetundikwa ubao uliopakwa rangi nyeupe, hauna hata herufi moja, kwa sababu jana usiku nyumbani walishindwa kuelewana. Baba mdogo alitaka uandikwe "Chai Bora Tanga Nzima". Jirani alipendekeza "Utamu Hauishi". Mama mwenye kibanda aliwasikiliza wote, kisha akasema ubao ubaki vivyo hivyo, maana chema chajiuza. Asubuhi hii, labda kwa kumwonea huruma binti yake aliyeuandaa ubao ule kwa mikono yake, amemwachia kopo la rangi na brashi.

"Wewe ndiye mwenye mwandiko," amemwambia. "Kabla basi la kwanza halijatoka, andika unaloona linafaa. Usipoliona, usiandike kitu."

Binti ni wa darasa la saba. Hakukimbilia brashi, kwa kuwa kwanza alikuwa na tangawizi ya kutwanga.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu neno la kwanza la methali ni "chema", na wengi tunalipita haraka kana kwamba wema wa kitu unajulikana tu. Mama alitia tangawizi iliyotwangwa kwenye maji matupu, akayaacha yachemke mpaka harufu ikatoka hadi barabarani. Ndipo akaongeza maziwa, na majani ya chai mwishoni. Binti aliuliza kwa nini wasitie vyote pamoja, waokoe mkaa.

"Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijaiva, maziwa hukatika," mama alijibu. "Utaona vipande vyeupe vinaelea kama mtindi, na sufuria nzima ni ya kumwaga. Na majani ukiyachemsha tangu mwanzo, chai inakuwa nyeusi na chungu. Mteja ataongeza sukari, atainywa, atalipa, na hatarudi."

Vitumbua vilikuwa na safari yao. Mchele uliloweshwa tangu jana mchana, ukasagwa pamoja na iliki na tui zito la nazi, ukatiwa hamira na sukari, ukaachwa uumuke. Rojo la vitumbua halingoji mtu. Lisipoumuka vya kutosha, kitumbua hutoka kigumu na kizito, katikati kimeshikana. Likiachwa mno katika joto la Tanga, linachachuka, na ukali wake haufichiki hata ukiongeza sukari. Mama aliamka saa nane usiku kulitazama. Alipoona limejaa vipovu vidogo juu, na upawa ukiingia linashuka taratibu, alijua muda umefika wa kuwasha jiko.

Huo ndio wema unaozungumziwa na methali. Umo katika mpangilio wa kazi ambayo mnunuzi hataiona. Yeye anaona kikombe tu. Kati ya kazi iliyofanywa gizani na mtu aliyeshika kikombe pana pengo, na methali inadai kwamba pengo hilo hujiziba lenyewe: atakunywa, ataridhika, atarudi na mwenzake. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini tazama inategemea nini. Inategemea mteja arudi.

Na stendi ni mahali ambapo wateja wengi hawarudi. Abiria wa Dar es Salaam anakunywa chai akiwa amesimama, tiketi mfukoni, na kabla hajajua kama alichokinywa kilikuwa chema au kibaya, kondakta anaita. Hata kama chai ile ilikuwa ya jana iliyopashwa moto, hatakuja kuilalamikia. Ndiyo maana karibu kila stendi utamkuta mtu anayeuza kibaya miaka nenda miaka rudi na hafilisiki. Methali haijasema uongo. Imewekwa mahali ambapo sharti lake halipo. Chema hujiuza pale ambapo watu hukutana tena: mtaani, bandarini, kijijini, sokoni ambako kila mmoja anajua mwenzake anakaa nyumba ipi. Hiyo ndiyo jamii iliyoizaa methali hii, na ukiihamisha kwenda kwa wapita njia bila kuangalia, utamwacha muuzaji mwema akingoja mnunuzi ambaye yuko Segera tayari.

Stendini, hata hivyo, wapo wanaorudi. Madereva, makondakta, wapiga debe, vijana wa bodaboda na wasafishaji wapo hapo kila alfajiri. Hao ndio wanaoweza kujua, na abiria mgeni akiuliza wapi pana chai ya kunyweka, huwauliza wao. Binti aliliona hili alipokuwa akipanga vikombe. Alimwuliza mama yake nani wa kwanza kufika stendini, na watu hao hupata wapi chai saa hiyo.

"Hawapati," mama alisema. "Vibanda vingi hufungua jua likishatoka. Mimi nitakuwa tayari saa kumi na moja."

Sasa nusu ya pili. Kibaya chajitembeza. Wapo wanaodhani kwamba methali inawadharau wachuuzi wanaozunguka na bidhaa, na kwamba mwenye kitu kizuri hukaa tu kwenye kiti chake. Sikubaliani. Miji yote ya pwani yetu imelelewa na muuza kahawa anayepita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mkononi. Anatembea kutwa, na kahawa yake inaweza kuwa bora kuliko ya aliyekaa. Sikiliza anachosema na vikombe vile: anasema nipo. Hasemi kwamba kahawa yake inashinda zote. Anamwarifu mtu juu ya jambo ambalo mtu huyo anaweza kulithibitisha kwa kugeuza shingo. Kinachoshutumiwa na methali ni kitu kinachotembea kwa miguu ya maneno, kinachotanguliwa na sifa zake ili mnunuzi aamini kabla ya kuonja.

Jina la baba mdogo lilikuwa la namna hiyo. "Chai Bora Tanga Nzima" linamtaka abiria aamini jambo ambalo hana njia ya kulipima, na hata mwenye kibanda hajalipima. Lina hatari nyingine pia. Waliotangulia walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapo mgema alisifiwa na wengine, na bado akaharibika. Anayejisifu ubaoni tangu siku ya kwanza amejipa sifa kabla ya kugema, na sioni ni kitu gani kitakachomwamsha saa nane usiku kulitazama rojo.

Lakini ubao mtupu wa mama nao si jibu. Kunyamaza kabisa ni kumnyima mtu taarifa anayostahili. Dereva anayepita na njaa alfajiri hawezi kuonja asichojua kwamba kipo. Unyenyekevu wa mama ulikuwa wa kweli, naamini hivyo, ila ulimwachia mgeni kazi ya kubahatisha.

Binti aliinua brashi, akaandika kwa herufi nene nyekundu: SAA KUMI NA MOJA.

Mama alitoka na upawa mkononi akasoma. "Hilo ni jina gani, mwanangu?"

"Ndiyo saa unayofungua, Mama. Mtu akifika akakuta moto umewaka, atajua hatusemi uongo."

"Na siku nikichelewa? Ahadi ni deni."

"Ndiyo maana nimeiandika."

Mama alikaa kimya, kisha akaleta pingamizi lililokuwa na uzito zaidi. "Na Ramadhani? Nani atakunywa chai saa kumi na moja alfajiri watu wamefunga?"

"Saa kumi na moja ya jioni pia ipo, Mama. Watu wanatafuta vitumbua vya futari."

Baba mdogo hakuwepo, na kwa kweli nadhani angebisha, kwa sababu jina lile halisifu chochote. Halisemi kama chai ni tamu. Kwangu mimi nguvu yake iko hapo hapo. Sifa humtaka mnunuzi aamini. Ahadi humpa njia ya kuhakikisha. Sifa ikipingwa, mwenye nayo hubishana, kwa kuwa utamu kila mmoja ana wake. Ahadi ya saa ikivunjwa hakuna ubishi, moto umewaka au haujawaka, na hata abiria asiyerudi tena anaweza kuipima papo hapo. Kwa njia hiyo jina linarudisha sehemu ya sharti ambalo stendi ililiondoa: linamruhusu mgeni kumjua mwema kwa jambo moja dogo kabla hajakabidhi pesa yake. Kuhusu utamu, chai itajisemea yenyewe kwa wale watakaorudi.

Utaona pia kwamba jina hili linamgeukia mwenye kibanda mwenyewe. Methali tumezoea kuisoma kama faraja kwa muuzaji: fanya vizuri, usihangaike, watakuja. Ubao wa binti unaisoma kama mzigo. Ili chai ijiuze saa kumi na moja, mchele lazima uloweshwe jana, mkaa uwashwe mapema, tangawizi iive kabla ya maziwa, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kufanywa kwa kupaka rangi upya. Wema unaojiuza una gharama, na gharama hiyo hulipwa kabla mteja wa kwanza hajakohoa barabarani.

Lilibaki swali moja ambalo mama hakuliacha, na nilimpenda kwa hilo nilipokuwa namwandika. Alitaka kujua itakuwaje siku ya homa au ya msiba, siku ambayo kosa si la mtu. Binti alipanda kwenye benchi, akauondoa ubao kwenye misumari yake miwili, akamwonyesha upande wa nyuma ambao haukuandikwa kitu. Siku hiyo, alisema, mmoja wao atakuja hata kama chai haipo, augeuze ubao, ili dereva aone kutoka mbali kwamba leo asingoje, na awahi kutafuta kwingine.

"Basi urudishe," mama alisema, "na uje ushike chujio. Yule kondakta ameshasoma, anakuja."