Maneno ya Chini ya Picha ya Kuagana



Kila mwisho wa muhula picha za kuagana hujaa kwenye simu zetu. Wawili wamesimama mbele ya msikiti wa chuo, mmoja ana begi begani, na chini yake kuna maneno. Sitaingia katika khilafu ya wanazuoni kuhusu picha yenyewe. Swali langu ni dogo zaidi, na sijaona likijadiliwa katika jarida letu: je, yale maneno ya chini ni ushahidi? Ninapoandika mbele ya watu mia mbili kwamba fulani ni mtu wa namna fulani, je, nimetoa ushahidi nitakaoulizwa, au ni mapenzi tu yanayosema na kila mtu anajua ni mapenzi?

Limenijia kwa sababu ya mwenzangu wa chumba. Tumeishi pamoja miaka mitatu hapa Mbale, sasa amepata kazi ya kufundisha Kigali na anahamia mtaa wa Nyamirambo, ambako Waislamu ni wengi na Kiswahili kinasikika barabarani. Tulipiga picha, na wenzetu wa darasa wakaniletea maneno tayari: "Rafiki bora kuliko wote, mcha Mungu wa kweli, mwenye moyo safi. Umbali hautatutenganisha kamwe." Ni maneno mazuri, nami nampenda kuliko hayo. Lakini nilipoyapima neno kwa neno kwa mizani ya yale tunayoyasoma darasani, machache yalibaki.

Tuanze na "mcha Mungu wa kweli". Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra (r.a.), ambaye si Abu Bakr Swiddiq, kwamba mtu alimsifu mwenzake mbele ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume akamwambia kwamba amemkata shingo sahibu yake, akalirudia hilo. Kisha akafundisha njia: anayelazimika kumsifu mwenzake aseme kwamba anamdhania hivyo, na kwamba Allah ndiye Mwenye kumhesabu, wala asimtakase mtu mbele ya Allah. Tuangalie kwamba hakukataza sifa. Yeye mwenyewe aliwasifu maswahaba wake. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameziunganisha hadithi hizi kwa kusema kwamba katazo ni kwa sifa inayopita mpaka, au kwa anayechelewa kuingiwa na kujiona anaposifiwa. Asiyechelewa hilo, hapana ubaya.

Ndugu mmoja aliniambia, "Wewe shekhe umezidi. Hiyo hadithi ni ya kumsifu mtu usoni, hii ni picha tu." Mimi naona kinyume chake. Sifa ya usoni husikiwa na watu watano na kuisha barazani. Hii ya picha anaisoma yeye mwenyewe, anasoma mama yake, anasoma mwajiri wake mpya, na kesho anaifungua tena peke yake usiku. Ni usoni mara nyingi. Na kusema kwamba kila mtu anajua ni kutia chumvi hakusaidii, kwa sababu kama hakuna anayeyaamini maneno haya, basi rafiki yangu nimempa zawadi gani?

Halafu "moyo safi". Moyo sijauona. Nilichokiona ni kwamba miaka mitatu hakuwahi kula bila kuniuliza kama nimekula, na kwamba tukikosana ndiye hutangulia kutoa salamu. Hayo naweza kuyashuhudia. Lakini hapa kuna shida ya pili, nayo imenichukua muda kuliko ya kwanza. Jambo zuri kuliko yote ninalolijua juu yake ni lile aliloniomba nisimwambie mtu. Ningeliandika chini ya picha, ushahidi wangu ungekuwa wa kweli kabisa, nami ningekuwa nimevunja amana. Kwa hiyo si kila kweli inafaa kuandikwa, na hata hapa sitalitaja. Maneno ya kuagana ya mtu anayemjua sana mwenzake huenda yakawa mafupi kuliko ya mtu anayemjua kidogo.

Kuhusu "umbali hautatutenganisha kamwe", Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, inatukataza kusema tutafanya jambo kesho bila kulifunga na matakwa ya Allah. Kuongeza "insha Allah" mwishoni ni rahisi. La muhimu ni kuahidi kitu ambacho mtu anaweza kweli kukitimiza. Nimemwahidi simu moja kila Ijumaa baada ya swala, insha Allah. Hilo halipendezi chini ya picha, lakini linaweza kuhesabiwa.

Sasa, sifa zikipunguzwa na ahadi zikipunguzwa, nini kinabaki? Kinabaki kile ambacho Ibn Umar (r.a.) alikuwa akikifanya. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kwamba mtu akitaka kusafiri, Ibn Umar alimwita ili amuage kama Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiwaaga wao, kisha akamkabidhi kwa Allah vitu vitatu: dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake. Katika mapokezi mengine kwa Tirmidhi imetajwa kwamba Mtume alikuwa akiushika mkono wa anayemuaga na hauachii mpaka mwenyewe auachie.

Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, amefafanua kwa nini vitu hivi. Dini imetajwa kwa sababu safari ina hofu na uchovu, na mtu huweza kuzembea baadhi ya mambo yake. Yeyote aliyelala ndani ya basi la usiku kutoka Kampala mpaka mpaka wa Katuna, na Alfajiri ikaingia njiani, anaelewa. Amana, anasema, ni watu anaowaacha nyuma na mali aliyoiweka kwa wakili wake. Kwa mwenzangu ilikuwa ni vitabu viwili vya maktaba na shilingi 18,000 za muuza chapati na mayai pale getini, ambazo ameniachia mimi nizifikishe.

Kuhusu mwisho wa amali, Bukhari amepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) habari ya mtu aliyepigana vitani kwa ushujaa mpaka watu wakamsifu, kisha majeraha yakamzidi akajiua mwenyewe, na Mtume akabainisha kwamba amali huhesabiwa kwa mwisho wake. Wale waliomsifu hawakusema uongo. Walisifu walichokiona, na hawakuona mwisho. Nami sitauona mwisho wa rafiki yangu huko Kigali, naye hatauona wangu. Sifa inasema amekwisha kufika. Dua inamwona bado yuko njiani, na ndivyo alivyo.

Nilichoandika mwishowe ni dua hiyo kwa Kiarabu, na chini yake mstari mmoja: "Miaka mitatu chumba kimoja. Namdhania kheri, na Allah anamjua zaidi." Mmoja wa wenzetu alisema ni maneno makavu. Mwenyewe alijibu akiwa ndani ya basi, kwa ile dua ambayo msafiri humwombea anayebaki, akimkabidhi kwa Yule ambaye amana Zake hazipotei, kisha akauliza kama nimeshapita kwa yule wa chapati.