Ilikubaliwa na Nani?

Neno ninaloliogopa zaidi katika kumbukumbu za mkutano ni "ilikubaliwa." Kauli hii ya kutendwa ni tamu sana, kwa sababu mtendaji anayeyuka ndani yake. Ilikubaliwa na nani? Kwa kura, kwa vichwa kutikiswa, ama kwa watu kuchoka wakitaka kwenda nyumbani?

Tangu niache chuo, hii ni mojawapo ya kazi zinazonilipia kodi. Vyama huniita nikae kwenye kona, nichukue noti, kisha nizigeuze kuwa ule muundo tuliokaririshwa sekondari: waliohudhuria, waliokosa kwa udhuru, waliokosa bila udhuru, ajenda, yatokanayo, sahihi chini. Shule ilitupa umbo tu. Haikutuambia kwamba benki itaitisha karatasi hiyo siku mnapobadilisha watia sahihi wa akaunti, wala kwamba wanachama wakikosana, kinachosomwa ni karatasi, si kilichosemwa.

Chukua chama kimoja cha watu 14. Noti zangu za ajenda ya nne zilikuwa hivi: "Mkopo 40. Mwenyekiti: dada wa saluni apewe, kodi imemlemea. Mwekahazina: ule wa kwanza bado 12. Kelele. Wawili wametoka saa kumi na robo. Wengine kimya. Mwenyekiti: sawa basi, tusonge."

Jioni mwenyekiti akanipigia. "Kijana, hapo kwa mkopo andika ilikubaliwa apewe 40,000."

Kelele niliziondoa bila kujiuliza mara mbili. Kuna mtu aliitwa mwizi pale, na hakuna anayehitaji kulisoma hilo mwakani. Kumbukumbu si rekoda. Kazi yake ni kuonyesha hoja, uamuzi, na nani afanye nini. Lakini kimya cha watu siwezi kukitafsiri. Mtu ananyamaza kwa kukubali, kwa kumwogopa mwenyekiti, ama kwa kuwa yuko kwenye simu. Hakuna aliyetoa pendekezo, hakuna aliyeliunga mkono, hakuna aliyeinua mkono. "Tusonge" si uamuzi.

Halafu kuna wale wawili waliotoka. Orodha ya mahudhurio huandikwa mkutano ukianza, na wengi hudhani imekwisha hapo. Tulianza na watu 11. Katiba ya chama inasema uamuzi wa fedha unahitaji akidi ya theluthi mbili, yaani watu 10 kati ya 14. Saa kumi na robo walibaki tisa. Hata wangepiga kura wote wakisema ndiyo, akidi haikuwepo. Kwa hivyo saa ya kutoka ina uzito kuliko majina yenyewe, na ndiyo sentensi mwenyekiti alitaka niiache. Hakuniomba nidanganye, eti. Aliniomba tu nisiitaje.

Sikumwona mtu mbaya. Dada wa saluni alikuwa na notisi ya kuhama mkononi, na mwenyekiti alitaka kumsaidia. Unaweza kusema huruma ni bora kuliko utaratibu. Mimi huuliza swali moja tu: nikiliondoa jambo hili, kuna mtu atadaiwa kitu ambacho hangedaiwa? Matusi yakitoka, hakuna. Saa ikitoka, watu watano ambao hawakuwa chumbani wanafungwa na 40,000, pesa zao wenyewe, kwa kauli ya kutendwa.

Nikaandika hivi:

"KUMB. 4/06/2025: OMBI LA MKOPO. Mkutano ulijadili ombi la mkopo wa shilingi 40,000. Mwekahazina alieleza kuwa mkopo wa awali una salio la shilingi 12,000. Wanachama wawili waliondoka saa kumi na robo na akidi ikakosekana. Uamuzi haukufikiwa. Mwekahazina atawatumia wanachama wote taarifa ya salio kufikia 11 Juni. Mwenyekiti ataitisha mkutano maalum kufikia 15 Juni."

Angalia sentensi mbili za mwisho. Rasimu nyingi ninazopewa kusahihisha zingesema "suala lifuatiliwe," na mwezi ujao, kwenye yatokanayo, kila mtu anaangalia dari. Cheo, kitendo, tarehe. Hapo hakuna pa kujificha.

Mwenyekiti alinuna. Aliniambia nimelipwa kuandika, si kuchunguza. Lakini kumbukumbu huwa hazijathibitishwa hadi mkutano unaofuata uzisome, mmoja apendekeze na mwingine aunge mkono, kwa hivyo nilimwambia kama nimekosea, wale tisa watanirekebisha mbele yake.

Tarehe 15 walikuja watu 12. Walizisoma, hakuna aliyezipinga. Dada wa saluni akapewa 25,000, salio la zamani likakatwa humo humo, mikono kumi juu, mmoja akipinga. Yeye mwenyewe hakupiga kura. Mwenyekiti alitia sahihi bila kuniangalia, kisha akaniuliza kama mwezi ujao nitakuwa na nafasi.