Kufanana Bila Kuiba

Mwanzoni mwa mwaka 1976, shirika la televisheni la NBC la Marekani liliwaonyesha watazamaji wake nembo mpya. Ilikuwa herufi N iliyoundwa kwa maumbo mawili ya pande nne, yaliyokatwa mshazari na kuegemezana, moja jekundu na jingine la buluu. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni mashuhuri ya usanifu, Lippincott & Margulies, na magazeti ya wakati ule yaliripoti gharama ya mamia ya maelfu ya dola. Haukupita muda ikabainika kuwa mtandao wa televisheni ya elimu wa jimbo la Nebraska ulikuwa ukitumia N ya namna hiyo hiyo tangu mwaka uliotangulia. Iliyo yake ilichorwa na msanifu mwajiriwa wa kituo, na ukiacha mshahara wake, iligharimu chini ya dola mia moja. Tofauti kubwa iliyoonekana ni kwamba N ya Nebraska ilikuwa nyekundu yote.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha tajiri aliyenunua kwa bei ghali kile ambacho maskini alikipata karibu bure. Lakini ndani yake kuna swali zito la kimaadili: ikiwa aliyefananisha hakukusudia, na huenda hakuwahi hata kuiona kazi ya mwenzake, je, amemkosea?

Jambo la kwanza la kupima ni iwapo kufanana kwenyewe ni ushahidi wa kunakili. Mara nyingi si ushahidi. Herufi N ina mistari mitatu tu, yote imenyooka, bila mviringo wowote wa kumpa msanifu nafasi ya kujitofautisha. Kipindi kile kilipenda maumbo ya kijiometria na rangi tambarare zisizo na kivuli, tena nembo ya televisheni ilipaswa kutambulikana hata kwenye kioo kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe. Mtu akiyafuata masharti hayo yote kwa uaminifu, njia zinazobaki mbele yake ni chache mno, na wawili wasiojuana waweza kukutana mwisho wa njia moja. Ndiyo maana mchunguzi makini haanzi kwa kuhesabu yanayolingana. Huanza kwa kuondoa yale ambayo herufi na matumizi yake yameyalazimisha, kisha hutazama kilichosalia. Ulinganifu katika jambo lisilo la lazima, kama pembe ya ajabu, pengo lisilo na kazi, au kosa lililorudiwa, ndio unaoamsha shaka ya kunakili.

Hata hivyo, kumwondolea mtu shaka ya wizi hakumalizi shauri. Hapa sheria yenyewe ina mizani miwili. Katika hakimiliki, aliyebuni peke yake bila kunakili hana hatia, hata kazi yake ikilingana kabisa na ya mwingine, kwa kuwa hakimiliki huuliza kazi ilitoka wapi. Alama ya biashara huuliza jambo jingine: mtazamaji ataipeleka wapi akili yake aionapo? Mwaka 1961, katika shauri la kampuni ya Polaroid, mahakama ya rufaa ya New York ilitaja vigezo vinane vya kupima uwezekano wa watu kukanganyikiwa. Nia njema ya mshtakiwa ni kimoja tu kati ya hivyo, na kipo pamoja na nguvu ya alama iliyotangulia, kiasi cha kufanana, na ukaribu wa biashara zenyewe. Nia mbaya yaweza kumwangamiza mshtakiwa, lakini nia njema haitoshi kumwokoa.

Ukaribu wa biashara ndio uliozifanya N mbili hizi kuwa tatizo. Lau moja ingekuwa ya kiwanda cha mikate na nyingine ya televisheni, pengine zingeishi jirani bila ugomvi. Zote mbili, hata hivyo, zilitokea kwenye kioo kile kile, katika sebule zile zile, kwa watazamaji wale wale.

Namna ya kutazama nayo ina adabu yake. Kosa la kawaida ni kuziweka nembo mbili bega kwa bega na kuzitafutia tofauti. Zikiwekwa hivyo, tofauti hazikosekani, na msanifu aliyekwisha kuipenda kazi yake ataziona zote. Mtazamaji wa kawaida hana fursa hiyo. Hubeba kumbukumbu hafifu ya alama aliyoiona juzi, kisha hukutana na nyingine leo. Jaribio la haki, basi, ni kuionyesha ya kwanza na kuiondoa, kisha baadaye kuileta ya pili, ndogo na bila rangi, na kuuliza, "Hii ni ya nani?" Swali la kwamba zinafanana au hazifanani lisiulizwe, kwa maana humfundisha mtu jibu. Kwa kipimo hiki, buluu ya NBC haikuwa na uzito mkubwa: kwenye kioo cheusi na cheupe, rangi ndiyo ya kwanza kupotea.

Madhara yake yanastaajabisha. Kwa mazoea, mdogo ndiye hushukiwa kujificha katika kivuli cha mkubwa. Hapa mkubwa ndiye aliyekuja nyuma, na sauti yake ilifika kila nyumba. Baada ya miezi michache tu, mtazamaji angeweza kuiona N ya Nebraska na kudhani kuwa kituo kile kidogo kimeiga. Aliyetangulia angegeuzwa mwigaji bila mtu yeyote kumsingizia kwa mdomo. Wanasheria huuita mkanganyo wa kinyume, na mwaka 1977, katika shauri la Big O dhidi ya Goodyear, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikubali kuwa hilo nalo ni dhara linalostahili fidia.

Kutoka hapo wajibu wa kutafuta kabla ya kutangaza unaeleweka vizuri zaidi. Kutafuta huko si kazi rahisi, kwani umbo halina jina la kuulizia. Mfumo wa Vienna uliokubaliwa mwaka 1973 huyapanga maumbo kwa namba, ambapo kundi la 26 ni la maumbo ya kijiometria na la 27 ni la maandishi na tarakimu. Lakini daftari huonyesha kilichosajiliwa tu, ilhali Marekani haki ya alama huzaliwa kwa kuitumia, hata isiposajiliwa. Hivyo hakuna utafutaji unaomaliza yote. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni juhudi inayolingana na nguvu ya anayetangaza, kwa kuwa kadiri sauti inavyofika mbali ndivyo inavyoweza kumfunika aliyetangulia.

Nebraska ilishtaki mwezi Februari 1976, na pande mbili zikapatana. NBC ilibaki na N, nayo ikatoa vifaa vya televisheni vyenye thamani ya zaidi ya dola 800,000, pamoja na dola 55,000 za kugharimia nembo mpya ya Nebraska. Mwaka 1979 NBC ilimrudisha tausi wake wa zamani na kumweka juu ya N, na kufikia 1986 ile N ilikwisha kuachwa.

Mapatano hayo yalitenganisha mambo mawili ambayo hasira huyachanganya. Kumwita mtu mwizi ni hukumu juu ya moyo wake, na hukumu hiyo yahitaji ushahidi wa kuwa aliona na akachukua. Kumtaka arekebishe hakuhitaji hukumu hiyo. Aliyemkanyaga mwenziwe gizani haitwi mwovu, ila taa inapowashwa huondoa mguu.