Aliyechelewa kufika

Jioni moja hapa Gihundwe tuliangalia filamu ya historia. Mwanzoni kulikuwa na maandishi: baadhi ya matukio yameigizwa. Mama mmoja alifika yakiwa yamekwisha pita. Alipoona mtu anaburutwa nje ya nyumba akalia, akatuuliza: "Huyu ni nani? Ndugu zake wanajua?" Kumbe ni mwigizaji. Niliona haya kumjibu.

Sisemi kuigiza ni uongo. Picha halisi za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni chache sana. Nick Hughes alipiga chache Kigali, Aprili 1994, kutoka jengo la shule ya Wafaransa: watu wadogo barabarani, mbali, nyuso hazionekani vizuri. Baadaye yeye na Eric Kabera wakatengeneza filamu ya kuigiza, 100 Days, kule Kibuye, kando ya ziwa hilihili letu; ikatoka 2001. Mtu yuleyule, kazi mbili. Ukizichanganya bila alama, ile ya kuigiza, yenye nyuso na machozi, itaonekana ya kweli kuliko ya kweli yenyewe. Na siku mwigizaji akitambuliwa, mkanushaji atasema zote ni maigizo tu.

Basi tangazo la mwanzoni halitoshi. Neno "Igizo" likae pembeni mwa picha tangu tukio linapoanza hadi linapoisha, ili hata mtu akikata kipande na kukituma kwa simu, liende nacho. Kwa asiyesoma, msimulizi aseme kwa sauti. Yule mama alikuwa na haki ya kujua anamlilia nani.