Mlima Ulinguruma

Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, habari ya kwanza iliyonifikia kutoka Katesh haikutaja mvua. Ilitaja volkano. Ilikuwa sauti ya WhatsApp iliyokwisha kupita kwenye simu nyingi kabla ya kunikuta Mbulu: mwanamume anahema, anasema Hanang umelipuka na matope yanaingia mjini. Nilimpigia mjomba wangu mpaka nikaacha kuhesabu. Alipopokea jioni alikuwa hai, nyumba ya jirani yake haipo, na neno lake lilikuwa lilelile. "Umelipuka, mjomba. Nimeusikia kwa masikio yangu."

Zaidi ya watu 80 walikufa. Siku chache tu baadaye serikali ilieleza kwamba wataalamu wa jiolojia hawakuona dalili za volkano: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa, ikamegeka na kushuka kama tope. Mjomba aliisikia taarifa hiyo redioni na hakuikubali. Yeye alikuwepo, wao hawakuwepo.

Nilisoma falsafa chuoni, na pale nilifundishwa jina la kitu ambacho mjomba na wale wanajiolojia walikuwa wanafanya kwa pamoja. Gilbert Harman alikiandikia makala mwaka 1965: kuna mambo umeyaona, kuna maelezo kadhaa yanayoweza kuyafafanua, nawe unachagua kuamini yale yanayoyafafanua vizuri kuliko mengine. Fundi wa pikipiki hufanya hivyo, daktari hufanya hivyo. Ugumu uko kwenye neno "vizuri". Peter Lipton, aliyeandika kitabu kizima juu ya jambo hili, alitenganisha maelezo yanayopendeza, yaani yale ambayo yangekuwa kweli yangetupa uelewa mkubwa, na maelezo yanayoelekea kuwa kweli. Volkano inapendeza. Ina chanzo kimoja, ina ukubwa unaolingana na msiba. Kuambiwa kwamba jirani yako ameuawa na maji ya mvua ni kama kutukanwa.

Tena mjomba hakuwa anaota. Hanang ni volkano kweli, iliyolala. Ol Doinyo Lengai, upande wa kaskazini kwenye Bonde la Ufa hilihili, ililipuka mwaka 2007 baada ya matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi. Mbulu kwetu wazee bado wanalitaja tetemeko la mwaka 1964. Ukiishi hapa, kuishuku ardhi ni akili, si ushirikina.

Nilikwenda Katesh mwezi uliofuata. Tulikaa kwenye benchi mbele ya duka la rafiki yake, nikamwamkia, akanijulia hali, kisha nikamwomba anisimulie bila kutumia neno volkano. Alisema mambo matatu. Ngurumo kama malori mengi yanayoshuka kwa pamoja. Ardhi kutetemeka chini ya miguu. Na harufu, nzito, ya udongo uliochimbuliwa. Nikamuuliza matope yalikuwaje alipoyakanyaga akimtafuta jirani. "Ya baridi," alisema, kisha akanyamaza kidogo.

Baridi peke yake haitoshi kumaliza ubishi, ingawa ningependa itoshe. Volkano inaweza kusukuma tope baridi, kama mlipuko ukipasua ziwa la kreta. Lakini mlipuko ungeacha na mengine: majivu juu ya mabati, moshi au mvuke kileleni, harufu ya kiberiti, miti iliyoungua. Hayo hayakuonekana. Kwa upande mwingine, yale matatu ya mjomba hayapotei tukiiacha volkano. Tope zito linalobeba mawe makubwa kama meza hunguruma kwa sababu mawe yanagongana ndani yake, nayo ardhi ya kando hutetemeka. Harufu ya udongo husimuliwa na watu wengi walionusurika maporomoko ya namna hii duniani. Kwa hiyo anayetetea maelezo ya mvua hahitaji kumwita mjomba mwongo. Anauchukua ushahidi wake wote na kuuweka ndani ya maelezo yake mwenyewe. Hoja zinazoshinda kwa kumfukuza shahidi huwa nazitilia shaka.

Hata hivyo "ni mvua" si jibu bado. Lipton anasema tukiuliza kwa nini, mara nyingi tunauliza kwa nini hiki badala ya kile. Mvua za El Nino zilinyesha Babati, zilinyesha Mbulu, zilinyesha Singida. Kwa nini Hanang? Hapo mvua haisaidii, maana ilikuwa kwa wote. Kinachotofautisha ni mteremko mkali wa majivu ya kale na miamba iliyooza. Lakini mteremko huo ulikuwepo miaka yote. Kwa nini siku ile badala ya mwaka uliopita? Hapo mwamba hausaidii, na mvua ndiyo inayojibu: maji yanapojaza nafasi kati ya chembe za udongo huzisukuma zisishikane, mpaka uzito uleule uliokaa miaka mingi unakosa cha kuushikilia. Maelezo ya wataalamu yana vipande viwili kwa sababu maswali ni mawili. Na jambo hili lina mfano: mwaka 1998, mvua za kimbunga Mitch zilimega ubavu wa Casita, volkano iliyolala huko Nikaragua, wakafa zaidi ya watu 2,000.

Kulikuwa na maelezo ya tatu, niliyoyasikia zaidi ofisini kuliko kijijini: watu wamekata miti. Haya yananisumbua, kwa sababu yanamtaja mkosaji kabla ya kupimwa. Tope lilishuka na magogo mengi. Mtu anaweza kusema: basi lilianzia penye msitu, kwa hiyo ukataji si chanzo. Nami nilisema hivyo, kwa kujiamini, hadi mjomba aliponikumbusha kwamba korongo lina miti kingoni kote na tope huing'oa njiani. Magogo hayasemi lilianzia wapi. Kinachoweza kusema ni makovu juu mlimani: uyalinganishe na picha za satelaiti za kabla ya siku ile, uone mangapi yako palipofyekwa na mangapi penye msitu mzima. Mizizi hushika udongo wa juu. Mpasuko ukiwa chini ya mizizi, mti hushuka pamoja na kitanda chake.

Bas van Fraassen aliwahi kuwatania wote wanaofikiri namna hii: mnachagua bora kati ya yale mliyoyawaza, na huenda yote mliyoyawaza ni mabovu. Siku ile nilikuwa na maelezo matatu kichwani. Mjomba aliniongezea la nne bila kujua. Alisema kabla ya ngurumo maji ya korongo yalipungua ghafla, wakati mvua haijaacha. Kama alikumbuka sawasawa, huenda poromoko dogo lilizuia maji huko juu, likafanya bwawa la muda, kisha likapasuka. Hilo halifuti mvua wala miamba dhaifu. Ila linabadilisha kitu cha kutazama.

Hakuniambia kwamba nimemshawishi. Aliniuliza tu kama ajenge tena palepale, nikamwambia hapana, si karibu na korongo lile wala la pili yake. Usiku mvua ilinyesha. Nilimsikia akitoka mara mbili na tochi, akisimama mlangoni muda mrefu, akisikiliza kama maji bado yanakwenda.