Mjukuu Anayerudi kwa Babu

Waliosema majuto ni mjukuu walimaanisha kwamba huja nyuma, mambo yakishaharibika. Hadithi za safari za wakati humpa mjukuu huyo chombo cha kurudi na kumkabili babu uso kwa uso. Akimuua kabla hajaoa, mjukuu hazaliwi. Asipozaliwa, hakuna wa kwenda kuua. Basi babu yu hai, anaoa, mjukuu anazaliwa, anashika bunduki, na tumerudi tulipoanzia.

Waandishi wengi wakifika hapo hutafuta mlango wa uani. Katika filamu ya Back to the Future, ya 1985, ndugu za kijana wanafutika kidogo kidogo kwenye picha aliyoibeba. Naipenda filamu hiyo, ila picha ile hainiingii akilini. Kama ndugu hawakuzaliwa, picha haikupigwa. Huko kufifia kwa dakika kadhaa kunafuata saa ya nani?

Mimi nimeng'ang'ania njia nyembamba zaidi: wakati ni mmoja, na kila mwaka hutokea mara moja tu. Kama msafiri alifika 1958, basi alikuwapo 1958 mara hiyo hiyo moja. Hakuna 1958 ya kwanza asiyokuwamo na ya pili aliyoingilia. Kwa hiyo hawezi kuibadilisha, kwa sababu kubadilisha kunataka hali mbili, ya kabla na ya baada. Kuisababisha anaweza. Watu huyachanganya haya mawili, na wakishayachanganya hudhani kwamba asiyeweza kubadili yaliyopita hana la kufanya huko ila kutazama.

David Lewis, mwanafalsafa wa Marekani, alilichambua jambo hili katika makala ya 1976. Tim anamchukia babu yake, aliyefariki kitandani 1957. Anarudi 1920, na siku moja ya 1921, akiwa na bunduki nzuri na shabaha ya uhakika, anamvizia njiani. Je, anaweza kumuua? Lewis anajibu kwamba inategemea tunahesabu mambo gani tunaposema "anaweza". Nami naweza kusema Kimakonde, maana nina ulimi na koo ambavyo mbuzi hana; lakini usinipeleke Newala nikawe mkalimani. Ukihesabu bunduki, shabaha na nia, Tim anaweza. Ukihesabu na kifo cha 1957, hawezi. Hakuna malaika anayemshika mkono. Anashindwa kwa sababu ya kawaida tu: anateleza, au anasikia mlio akageuka.

Mantiki imetulia hapo. Msimulizi bado. Nililijua hilo nilipoandika hadithi ya kijana anayerudi Pangani ya 1958 kumzuia babu yake asiuze shamba la minazi. Katika rasimu ya kwanza aliandika barua ya onyo, na barua ikadondoka mtoni kwenye kivuko. Mpwa wangu aliisoma akanyamaza, kisha akasema, "Shangazi, barua imeanguka kwa sababu wewe ulitaka ianguke." Sikuwa na jibu. Kuteleza kwa Tim hakuna kosa la hoja, ila kumetoka nje ya kisa, kama mgeni asiyealikwa anayekuja kuokoa jahazi.

Niliyemhitaji alikuwa mwanafizikia. Joseph Polchinski aliuliza swali la babu kwa kutumia mpira wa biliadi, usio na nia wala chuki. Chukua tundu lenye midomo miwili: kinachoingia mdomo mmoja hutokea kwenye mwingine mapema kidogo kuliko kilivyoingia. Sukuma mpira uelekee tundu kwa namna ambayo, ukitokea, utajigonga wenyewe ulipokuwa bado njiani, na kujitoa kwenye mstari. Basi hauingii. Usipoingia hautokei, na usipotokea hakuna cha kuugonga.

Fernando Echeverria na Gunnar Klinkhammer waliokuwa wakifanya kazi na Kip Thorne walilipigia hesabu, na makala ya watatu hao ikatoka 1991. Walikuta mwendo usiojipinga. Mpira unatokea kwa pembe iliyopinda kidogo, kwa hiyo haujigongi sawasawa, unajikwaruza tu. Mkwaruzo hauzuii kuingia, unaupindisha kidogo. Na kwa kuwa umeingia umepinda, ndiyo maana ulitokea umepinda. Pigo lililotakiwa kuizuia safari ndilo lililoipa sura yake. Walikuta pia kwamba kwa msukumo huo huo mmoja, mienendo isiyojipinga haina idadi. Hilo huwasumbua wanafizikia. Mwandishi linampa nafasi ya kuchagua.

Basi nikaiandika Pangani upya. Safari hii kijana amekua akisikia kwao kwamba babu aliuza shamba kwa sababu ya "maneno ya mgeni". Nani, hakuna ajuaye. Anamchukulia kuwa tapeli, akarudi kumwahi. Anafika mwezi wa nane, siku tano kabla ya mauzo, anakaa kibarazani kwa jirani akimsubiri. Mgeni haji. Siku ya tatu uvumilivu unamwisha, anamwendea babu: kuna mtu atakuja kukunyang'anya shamba, usimsikilize. Ili aaminiwe, anamtajia majina ya watoto wake wote, hata aliye bado tumboni, Nasibu.

Babu hakuwa na wazo la kuuza. Sasa yuko mbele ya mtu asiyemjua, mwenye viatu vya ajabu, anayelijua tumbo la mkewe na kumwambia shamba lake limetupiwa jicho. Mwenye akili timamu wa wakati ule angefanya nini? Anauza ndani ya siku mbili, kwa bei ya kutupa, ili balaa limfuate mnunuzi. Hapa hakuna aliyeteleza. Kila mmoja kafanya la maana kwa kadiri ya alichokijua, na swali la ukurasa wa kwanza limejibiwa na aliyeuliza.

Kukagua kisa cha namna hii nilibandika karatasi mbili ukutani. Moja inafuata kalenda, nyingine inafuata maisha ya kijana, ambako Pangani ya 1958 inakuja baada ya shule na ndoa. Kila tukio la karatasi ya kwanza lazima liwe na chanzo mahali fulani kwenye mojawapo, na hakuna tukio linaloandikwa mara mbili kwa sura mbili. Nilikuta kosa moja: mke wa jirani anamwona kijana, kumbe ukurasa wa nane nilisema mgeni hakuonwa na yeyote ila babu. Nikamtoa kijana kibarazani, nikamweka nyuma ya ghala la mbata.

Vitu vina shida kuliko watu. Katika filamu ya Somewhere in Time, ya 1980, bibi kizee anampa kijana saa ya mfukoni mwaka 1972. Miaka minane baadaye kijana anarudi nayo 1912, akaiacha kwa bibi huyo alipokuwa msichana. Saa hiyo haikutengenezwa na fundi yeyote. Tena, kila ikizunguka inazeeka miaka 68, na hapo hapo inatakiwa ifike 1912 ikiwa ile ile, bila mkwaruzo wa ziada. Haiwezekani kwa chuma kinacholika. Ndiyo maana kijana wangu hapeleki kitu ambacho babu atakiweka sandukuni.

Mpwa aliirudisha rasimu hii wiki iliyopita. Mgeni alimkubali. Kalamu yake ilikuwa imezungushia jina la mtoto. Katika ukoo ule majina hutoka kwa mababu, na Nasibu hakuwahi kuwapo. Babu alimwita hivyo kwa kuwa mgeni alilitaja, naye mgeni alilijua kwa kuwa ndilo jina la baba yake. Jina halichakai kama saa, kwa hiyo hesabu inakubali.

"Lakini Shangazi," aliandika pembeni, "alilichagua nani?"

Nimelipitia kwenye karatasi zote mbili, na kote ninamkuta mtu anayelitaja kwa kuwa alikwisha kulisikia.